Jina la binti linalokaa sawa Tukuyu na Leeds: Neema, Bupe, Ipyana, Lugano au Nia?

#1 DadaWaMasoko
Wakuu, salaam. Tupo Leeds, Uingereza. Mimi ni wa Rungwe, mwenzangu Mhehe wa Kilolo, na tunatarajia binti. Mama yangu yuko Tukuyu na anataka jina ambalo yeye na wazee wenzake wa kanisani watalitamka bila kusuasua. Baba mtoto anataka jina ambalo mwalimu wa chekechea huku akilikuta kwenye daftari la mahudhurio atalisoma sawa mara ya kwanza. Tumeshakubaliana halitakuwa la Kizungu tupu. Orodha yetu ni Neema, Bupe, Ipyana, Lugano na Nia. Naomba mnaojua mniambie lipi litaharibika wapi, na kwa nini. "Mimi napenda hili" haitatusaidia.

#2 SowetoMbeya
Hongera dada. Mpeni Neema, mambo yaishe. Fupi, la Kikristo, na huku Mbeya kila mtu analijua. Mzungu gani atashindwa Neema?

#3 MwalimuKihesa
SowetoMbeya, hilo ndilo litakaloharibika la kwanza. Msomaji wa Kiingereza akiona e mbili zimefuatana hatamki e, anatamka i ndefu. Ndivyo alivyozoea kwenye majina kama Lee na Reece. Kwa hiyo Neema atasoma "Niima", na atasoma hivyo kwa kujiamini kabisa, bila kuuliza. Jina geni kabisa humfanya mtu asite na kuuliza. Neema halimfanyi asite.

Wala tahajia haitaliokoa. Ukiandika Nema atasema "Nima". Ukiandika Nemma atasema sawasawa na Emma, lakini hapo umepoteza e moja na Tanzania watadhani karani alikosea. Ukiweka h katikati, Nehema, litageuka jina jingine. Mkilichagua, muwe mmekubali kwamba shuleni atakuwa Niima na nyumbani Neema. Kuna familia zinazoishi hivyo bila tatizo, ila mjue kabla.

#4 Kiwira_Juu
Tatizo la Waingereza ni majina yanayoishia na irabu. Yao yanaishia na konsonanti, John, Robert, Margaret. Chagueni lenye konsonanti mwishoni.

#5 MwalimuKihesa
Nusu yake ni kweli, Kiwira_Juu. Irabu a mwishoni hawana shida nayo hata kidogo: Olivia, Amelia, Sophia, na Noah kwa wavulana. Shida ni e ya mwisho. Kwenye Jane, Kate na Grace e ipo kwenye maandishi lakini haitamkwi. Kwenye Zoe, Chloe na Phoebe inatamkwa i. Hakuna njia ya tatu iliyo ya kawaida kwao. Sasa weka Bupe hapo: mmoja atasema "Byup", mwingine "Bupi", na wote wawili wamefuata kanuni yao. Atupele nalo litapata hukumu hiyohiyo.

Wanaoongeza h mwishoni, Bupeh, wanamsaidia msomaji kiasi, lakini hiyo h itakwenda naye mpaka kwenye kitambulisho cha Tanzania na kila ofisi itamuuliza inafanya nini pale.

#6 MamaWaUyole
Bupe ni jina zuri mno la kwetu kuachwa kwa sababu ya herufi moja. Mjukuu wangu yuko Kanada anaitwa Bupe. Walimwita Bupi wiki za mwanzo, mama yake akawa anawasahihisha kila siku mlangoni pa shule, sasa wote wanasema Bupe. Mtoto mwenyewe ndiye anayewafundisha wenzake. Dada, usikubali kukatwa jina la ukoo.

#7 MufindiChai
Naungana na Mama hapo juu. Kila wiki wanatangaza mpira na kutamka Szczęsny bila kujikwaa, kwa sababu mtu alikaa golini Arsenal na ikabidi wajifunze. Tahajia ni kisingizio. Mtu akiona kuna sababu ya kujifunza jina, analijifunza. Mwalimu Kihesa anaeleza kanuni za kusoma, sawa, lakini jina la mtu linasikika mara elfu kwa kila mara moja linaposomwa.

#8 MwalimuKihesa
MufindiChai, kwa watu wanaomfahamu mtoto, uko sahihi. Walimu na marafiki hujifunza. Lakini kuna kundi la pili, wale wanaomkuta kwenye karatasi mara moja tu: mapokezi ya hospitali, mwalimu wa zamu, msimamizi wa mtihani, mtu wa benki. Hao hawafundishiki kwa sababu kesho ni mwingine. Swali la baba mtoto ni la kundi hilo la pili, na swali la bibi ni la kundi la kwanza. Ndiyo maana mnabishana huku kila mmoja akiwa na hoja.

#9 NjiapandaMakambako
Nami niongeze la sauti. Watu husema Mzungu hawezi "ny" na "mb". Anaziweza, mahali zilipo ndipo tatizo. Katikati ya jina hana shida: Tanya anatamka, Kimberly anatamka, Linda anatamka. Mwanzoni mwa jina ndipo anapokwama, kwa sababu lugha yake haianzi neno hivyo. Kwa hiyo Mbonile atasema "Emboniile" au ataimeza m na kubaki na Bonile. Nyamizi atasema "Naiyamizi". Ila Andwele lina nd katikati, hapo atapita salama, kisha akwame kwenye e ya mwisho kama alivyosema Mwalimu.

Kipimo changu cha haraka: jina lianze na konsonanti moja au irabu a, lipandishe na kushusha konsonanti na irabu kwa zamu, liishie na a, i au o. Amani, Malaika, Zawadi, Lugano.

#10 SowetoMbeya
Kwa kipimo chako Upendo linaanguka kwa sababu ya u?

#11 NjiapandaMakambako
Linayumba. U ya mwanzo wengi wataisoma a, "Apendo". U ikiwa baada ya konsonanti wanagawanyika: kwenye Luke na Lucy ni u yetu, kwenye Duncan na Russell ni kama a. Lugano litafuata Lucy kwa sababu silabi inaishia hapo kwenye u.

#12 DadaWaMasoko
Asanteni, ndaga fijo. Nimeanza kuona picha. Ipyana je? Ndilo mama analolipenda zaidi.

#13 MwalimuKihesa
Ipyana lina mitihani miwili. I ya mwanzo: Isaac na Ivy wanasema "ai", Isabella wanasema "i". Imani limeponea upande wa Isabella, na mkazo wake unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu, ndiyo maana linasomeka vizuri. Ipyana lina py, ambayo kwao mwanzoni ipo, lakini ikiwa imeandikwa hivi wengi wataisoma "pai": "Aipaiyana". Hapo silabi tatu zimekuwa nne, na mtoto mwenyewe hatajitambua akiitwa.

Lugano ndilo lenye bahati ya ajabu. Kuna mji unaitwa Lugano kusini mwa Uswisi, upande wanaozungumza Kiitaliano, kando ya ziwa. Mtu yeyote wa Ulaya aliyewahi kuliona kwenye ramani analitamka Lu-GA-no, mkazo palepale tunapouweka sisi. Maana ya jina inabaki ya kwetu, matamshi yanabebwa na ramani yao.

#14 IpogoloBoy
Lakini Lugano si la kiume? Nawajua akina Lugano wawili, wote wanaume.

#15 MamaWaUyole
La wote. Lugano, Lusajo na Ipyana ni ya kike na ya kiume. Maana zake ni upendo, baraka na neema, na hayo hayana jinsia.

#16 Kiwira_Juu
Huko nje hilo ni jambo la kuangalia pia, maana jina linaloishia na o Ulaya wanalihesabu la kiume, Marco, Leonardo. Barua za shule zitamwita bwana mdogo. Hali ni hiyohiyo kwa Amani na Imani, kwetu ni ya wote, Marekani Imani ni la wasichana.

#17 MwalimuKihesa
Hapo Kiwira_Juu umesema kweli, na sikuwa nimeligusa. Kwa msichana, Lugano litaleta barua za "bwana" mara kwa mara. Si kosa kubwa, lakini lipo.

#18 Mwanaisimani
Nyie mnahangaika na irabu. Mimi hofu yangu ni utani wa shuleni. Angalieni jina linasikikaje kama neno la upande wa pili. Fatuma ni jina la heshima, lakini herufi zake tatu za mwanzo kwa Kiingereza ni neno la unene, na watoto hawaachi nafasi hiyo. Faki, jina la watu wa Unguja na Pemba lisilo na ubaya wowote, kwa Kiingereza lina sauti ya tusi zito. Huku nyuma nako kuna majina ya Kiingereza yasiyofaa kwa bibi: Mavis. Niambieni nani Iringa atamwita mtoto hivyo sokoni kwa sauti.

#19 IpogoloBoy
Mavis wapo Iringa, na wanaitwa, na hakuna anayecheka. Jina likishazoeleka watu hawalisikii tena kama neno.

#20 Mwanaisimani
Watu wazima hawalisikii. Darasa la pili wanalisikia.

#21 MufindiChai
Kwenye orodha ya dada, basi, lenye hatari hiyo ni Bupe likigeuka Bupi, maana "pi" kwa watoto wa Kiingereza ni haja ndogo. Mengine yote ni salama.

#22 NjiapandaMakambako
Hakuna aliyemgusa Nia. Wales ni jina la kawaida la wasichana, wala hawakulitoa kwetu, ni lao. Marekani watu weusi wanalitumia kwa Kiswahili hasa, kwa sababu Nia na Imani ni kati ya misingi saba ya Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa 1966. Herufi tatu, hakuna e, hakuna konsonanti mbili pamoja. Mwingereza anasoma "Nia" ileile, labda anairefusha i kidogo. Bibi Tukuyu nako hana pa kukwama.

#23 MamaWaUyole
Hana pa kukwama, lakini pia hana chake hapo. Nia ni Kiswahili cha shule. Dada ameuliza jina ambalo wazee watalitamka, na mimi najua mama yake anataka jina ambalo wazee watalitambua.

#24 DadaWaMasoko
Mama umenisomea moyo wa mama yangu.

#25 KaloleniYusta
Mimi swali langu la pembeni. Sisi Wakatoliki wa Iringa, si padri atakataa Nia au Lugano kwa kuwa si majina ya watakatifu?

#26 Mwanaisimani
Hapana. Sheria ya zamani ya Kanisa, ya 1917, ndiyo iliyotaka jina la mtakatifu liongezwe kama wazazi hawakulitoa. Ya sasa ni ya 1983, na Kanuni ya 855 inasema tu kwamba jina lisiwe geni kwa hisia ya Kikristo. Upendo na nia njema si vitu vigeni kwa Kanisa. Paroko akipendekeza jina la mtakatifu la kuongeza, muelewane naye, lakini hawezi kukuzuia kwa kanuni.

#27 RuahaMto
Wakuu, nimesoma uzi wote. Tugeukie karatasi, kwa sababu jina zuri linaweza kuharibikia hapo. England na Wales mtoto lazima asajiliwe ndani ya siku 42. Scotland ni siku 21. Jina la kwanza linaweza kubadilishwa au kuongezwa kwenye daftari la vizazi ndani ya miezi 12 tangu usajili, kwa hiyo mkijikwaa mna nafasi, lakini ni bora msiitumie, maana cheti cha kwanza kinaweza kuwa kimeshapeleka jina la zamani hospitali na ofisi nyingine.

Kubwa zaidi ni mpangilio wa majina matatu. Kwetu mtoto anabeba jina lake, la baba na la babu au ukoo. Kwao ni majina ya mwanzo kisha la ukoo mwishoni, na la mwisho ndilo linalotawala. Mkijaza jina la kwanza la baba pale penye ukoo, mtoto wa pili akasajiliwa kwa jina la babu, mtakuwa na ndugu wa tumbo moja wenye "koo" mbili, na kila safari mtaulizwa. Kubalianeni jina moja la ukoo kwa watoto wote kabla ya kwenda kusajili.

#28 SowetoMbeya
Si akizaliwa Uingereza ni Mwingereza tayari? Pasi ya Tanzania ya nini?

#29 RuahaMto
Hapana mkuu. Tangu tarehe 1 Januari 1983 kuzaliwa kule pekee hakutoshi. Lazima mzazi mmoja awe Mwingereza au ana ukaazi wa kudumu. Kwa damu ya mzazi Mtanzania anakuwa Mtanzania, na akiwa na pasi mbili utotoni, majina kwenye zote yafanane herufi kwa herufi. Mkiandika Bupeh kule na Bupe huku mmejitafutia kazi.

#30 IpogoloBoy
Na wenye ng' je? Mke wangu ukoo wao ni Ng'umbi.

#31 RuahaMto
Kwenye ile mistari miwili ya chini ya pasi inayosomwa na mashine, kibainishi kinaondolewa kabisa. Litasomeka `NGUMBI`. Tiketi ya ndege iandikeni hivyohivyo bila alama. Na jina refu pia angalieni: mstari wa kwanza una nafasi 44, tano za mwanzo ni za aina ya hati na nchi, zinabaki 39 kwa majina yote pamoja na alama za kutenganisha. Tumwifwege akiwa na majina mengine mawili marefu yanaweza kukatwa.

#32 NjiapandaMakambako
Dada, kabla ya kuamua, fanya jaribio. Andika jina kwenye karatasi tupu, jina peke yake, bila kueleza ni la wapi. Mpe mtu asiyejua Kiswahili alisome kwa sauti, usimsahihishe, mpe mwingine. Kisha geuza: litamke kwenye simu kwa mtu asiyeliona, mwambie aliandike, uone ameandika nini. Wengi husahau hatua hii ya pili, na ndiyo itakayomsumbua mtoto akiagiza kitu au akijitambulisha kazini. Mwisho mrekodi mama yako akiliita mara mbili, polepole na kwa haraka kama anaita mtu aliye mbali shambani.

#33 DadaWaMasoko
Nimerudi na majibu. Nimejaribu kwa majirani na mapokezi ya kliniki. Neema wote walisema Niima, hakuna aliyesita, kama Mwalimu alivyosema. Ipyana kila mmoja alikuja na lake. Bupe waligawanyika Byup na Bupi. Nia wote sawa, ila kwenye simu mmoja aliandika Nea na mwingine Nya. Lugano walisoma sawa, kwenye simu wakaandika sawa isipokuwa mmoja aliyeandika Lougano. Mama yote ameyaita vizuri, lakini alipofika kwenye Nia akaniuliza, "nia ya nini?"

Baba mtoto sasa anasema Lugano Nia. Mimi nasema Nia Ipyana, ili la kwanza liende shuleni na la pili libaki la bibi.

#34 MwalimuKihesa
Kwa mpangilio wako, dada, jueni kwamba hospitali na ndege watamwita kwa lile la kwanza kila mara. Shule nyingi zina nafasi ya kuandika jina analoitwa, hivyo Ipyana linaweza kutumika darasani mkitaka, lakini kwenye karatasi rasmi litakuwa la pembeni maisha yake yote. Kwa mpangilio wa mwenzako, jina la kwetu linakuwa mbele na linasomeka. Kinachobaki ni hizo barua za "bwana", na Nia pale katikati linasaidia kidogo kuonyesha kuwa ni msichana.

#35 MufindiChai
Mimi bado nasema Bupe. Majirani wako waliosema Byup, rudi kwao kesho uwaambie mara moja tu linavyotamkwa, halafu waulize tena keshokutwa. Jaribio la Njiapanda linapima mara ya kwanza, mtoto ataishi na mara zote.

#36 NjiapandaMakambako
Hilo ni jaribio halali, dada alifanye. Nadhani watalikumbuka. Sidhani mtu wa mapokezi atalikumbuka.

#37 MamaWaUyole
Na Tusekile? Hamjalitaja hata mmoja, na ni la kike bila ubishi.

#38 MwalimuKihesa
Tusekile litasomwa "Tasekail", mama. I kisha konsonanti kisha e, kama Mike na Nile. Lifupisheni Seki kwa huko, linashika vizuri, na cheti kibaki na jina zima.

#39 DadaWaMasoko
Seki sikulifikiria. Nampigia mama jioni. Je, ufupisho huo ukiandikwa kwenye cheti kama jina la kwanza, la bibi likawa la pili, RuahaMto, kuna shida?

#40 RuahaMto
Hakuna shida, msajili anaandika mnachomwambia. Ila likiwa kwenye cheti si ufupisho tena, ndilo jina lake la kwanza, na liende hivyohivyo kwenye pasi ya Tanzania. Atakuonyesha ukurasa kabla ya kusaini: soma herufi moja moja, hasa la pili, kwa sababu hilo hajawahi kuliandika. Baada ya sahihi, kurekebisha herufi kuna maombi yake na ushahidi wake.